Kabla ya Kumwongezea Mtoto Maziwa



Mtoto mchanga hupungua uzito siku za kwanza. Upungufu ukizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa kuzaliwa, au mtoto akilegea asiweze kunyonya, apelekwe kwa tabibu siku hiyo hiyo. Vinginevyo, hutazamiwa kuurudia uzito wake kufikia wiki mbili.

Tuchukue mfano wa mtoto aliyezaliwa na kilo 3.0. Siku ya 4 ana kilo 2.8, hilo ni la kawaida. Siku ya 14 ana kilo 2.85. Kwa siku 10 ameongeza gramu 50 tu, ilhali hutazamiwa gramu 20 hadi 30 kila siku.

Kwanza apimwe upya bila nguo, kwa mizani ile ile, kwani kanga na sweta huweza kuficha ukweli. Kisha muuguzi amtazame akinyonya: je, kinywa kimeshika sehemu kubwa ya duara jeusi la titi, au chuchu pekee? Anasikika akimeza? Hunyonya walau mara 8 usiku na mchana, na kukojoa mara 6?

Unyonyaji ukisharekebishwa, mama akamue maziwa, ampe mtoto kwa kikombe, naye apimwe tena baada ya siku mbili au tatu. Kila uzito uandikwe kwenye kadi ya kliniki pamoja na tarehe.

Yakiwa hayatoshi na uzito haupandi, ndipo tabibu aagize maziwa ya kopo, akiandika kiasi na muda. Yakitolewa ovyo, mtoto hunyonya kidogo, na titi lisiponyonywa hupunguza maziwa. Maji, uji na maziwa ya ng'ombe asipewe kamwe katika umri huu.