Hundi Iliyopitwa na Muda na Deni Lisilolipwa: Kurudisha Deni la Mzabuni Vitabuni

Mada yangu inahusu mstari mmoja katika usuluhisho wa benki: ile hundi ya mzabuni inayojitokeza kila mwezi kwenye orodha ya hundi ambazo hazijawasilishwa, na kila mwezi mhasibu anainakili kwenda mwezi unaofuata. Kwa desturi ya mabenki yetu, hundi ikitimiza miezi sita tangu tarehe iliyoandikwa, hailipwi tena. Kuanzia hapo, kuiacha kwenye orodha hiyo ni kuonyesha malipo ambayo hayatafanyika.

Tuchukue mfano wa shule binafsi ya Tanzania inayofunga hesabu tarehe 31 Desemba. Fundi alitengeneza jenereta, akaleta ankara ya shilingi 2,360,000: gharama ya kazi 2,000,000 na VAT 360,000. Shule ilikata kodi ya zuio ya asilimia 5 ya gharama ya kazi, yaani 100,000, ikaipeleka TRA. Tarehe 14 Novemba 2023 ikaandika hundi ya 2,260,000. Siku hiyo deni la fundi lilifutwa kwenye leja na benki ikapunguzwa vitabuni. Mwisho wa Desemba hundi ilikuwa bado changa, na mkaguzi hakuwa na sababu ya kuihoji. Kufikia usuluhisho wa tarehe 31 Mei 2024, miezi sita imepita na benki haijaiona.

Kabla ya kugusa leja, mhasibu atafute kwa nini hundi haikufika benki. Rejista ya hundi itaonyesha nani aliichukua na kama alisaini. Mahali pa saini pakiwa patupu, pengine hundi iko kwenye droo ya ofisi, au kazi yenyewe haikufanyika na ankara ni ya kubuni. Kisha aombe taarifa ya hesabu kutoka kwa mzabuni. Mara nyingi jibu liko hapo: fundi alilalamika hundi imepotea, akalipwa kwa uhamisho wa benki, na malipo hayo yakaandikwa kama gharama mpya ya matengenezo. Ikiwa ndivyo, hakuna deni la kurudisha. Gharama imeingia mara mbili, na kinachotakiwa ni kupunguza gharama hiyo na kurudisha benki.

Tuseme hakulipwa. Hundi ni malipo yenye sharti. Isipolipwa, deni la ankara linabaki pale pale. Viwango vya kimataifa vya hesabu, IFRS 9, vinasema deni la namna hii huondolewa vitabuni pale tu linapolipwa, linapofutwa au linapoisha kisheria. Kwa hiyo ingizo ni debiti benki 2,260,000, krediti wadai, akaunti ya fundi yule yule, kwa tarehe 31 Mei 2024, likiambatanishwa na namba ya hundi na ankara.

Makosa mawili nayaona sana. La kwanza ni kuikrediti fedha hiyo kwenye mapato mengineyo. Shule haikupata chochote. Salio la benki vitabuni limeongezeka kwa sababu fedha haikutoka. Mkuu wa shule aambiwe hivyo waziwazi, asije akaipangia matumizi.

La pili linatoka kwenye programu ya hesabu. Mhasibu anafungua hundi ya zamani na kuibatilisha kwa tarehe yake ya awali. Programu inarudi hadi Novemba 2023 na kubadilisha salio la benki na la wadai la mwaka uliokwisha kukaguliwa. Salio anzia la 2024 halilingani tena na taarifa iliyosainiwa, ingawa hesabu za 2023 hazikuwa na kosa, kwa kuwa hundi ilikuwa hai. Na kama kodi ya zuio ilikatwa ndani ya malipo hayo hayo, ankara inafunguka yote, 2,360,000. Atakayelipa bila kuangalia atampa fundi shilingi 100,000 zilizokwisha kwenda TRA, na cheti chake fundi anacho. Ndiyo maana nashikilia ingizo jipya la jarida, lenye tarehe ya sasa na kiasi halisi cha hundi.

Kabla ya kuandika hundi nyingine, benki iandikiwe barua ya kuzuia ile ya kwanza. Karani wa benki akipitiwa na tarehe, hundi mbili zinaweza kulipwa.

Fundi asipopatikana, deni linabaki kwa wadai. Sheria ya ukomo ya Tanzania inampa mdai wa mkataba miaka 6 kufungua shauri, na kukiri deni kwa maandishi yenye saini kunaanzisha hesabu hiyo upya. Kwa hiyo barua ya kuthibitisha salio ambayo shule inamtumia kwa ajili ya mkaguzi itunzwe kwenye jalada la deni. Bila kuangalia tarehe yake, hakuna anayeweza kusema deni limekwisha muda.