Mlango uko wazi ao umefungwa? Maongezi juu ya "if" katika barua zetu za Kiingereza

(Maongezi haya yalitolewa mbele ya wanachama hapa Likasi. Tumeyaandika kwa wale ambao hawakufika, na kwa wenzetu wanaotusaidia toka mbali.)



Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mimi njo niliandika raporti ya shamba la mahindi. Mnakumbuka mambo yalivyokuwa: franga za mbegu na za mbolea zilitufikia mwezi wa kwanza, na kwetu hapa mahindi tunapanda mwezi wa kumi na moja, mvua ikishashika. Msimu ulikuwa umetupita. Nilitaka kueleza hilo kwa heshima, bila kugombana na mtu. Kichwani nilikuwa na maneno haya: "Tungepata franga mwezi wa kumi, tungepanda na mvua ya kwanza." Nikaandika:

"If we received the money in October, we would plant with the first rains."

Jibu likarudi: asante kwa mpango wenu, tumeandika mwezi wa kumi. Walifikiri ninasema juu ya mwaka unaokuja! Hawakuona kama msimu ulikwisha kupotea. Na hawakusoma vibaya. Ile sentensi ni Kiingereza safi, hata mwalimu mkali hapati mahali pa kutia wino mwekundu. Ila inasema jambo lingine.

Kosa lilitoka wapi? Lilitoka katika Kiswahili chetu. Vitabu vinatuambia tuseme "tungepata" kwa jambo la sasa, na "tungalipata" kwa jambo lililokwisha pita. Lakini hapa kwetu, sokoni ao nyumbani, nani anasema "tungalipata"? Tunasema "tungepata" kwa yote mawili, na mwenye kusikia anaelewa juu anajua habari. Msomaji wa mbali hajui habari. Yeye anategemea kitenzi tu. Nilipashwa kuandika:

"If we had received the money in October, we would have planted with the first rains."

Hapo "had received" inafunga mlango: hatukupata. Na "would have planted" inafunga wa pili: hatukupanda.

Basi mbele ya kuandika "if", jiulize swali moja: mlango uko wazi ao umefungwa? Tuchukue maneno yale yale, tuyaseme mara tatu.

"If we receive the money, we will plant." Mlango uko wazi. Franga zinaweza kufika, na sisi tuko tayari.

"If we received the money, we would plant." Mlango haujafungwa, lakini unauangalia toka mbali. Unawaza tu, hutegemei sana. Ukiandikia mtu ambaye amekwisha kuahidi, ataona kama humwamini.

"If we had received the money, we would have planted." Mlango umefungwa. Wakati umepita.

Ili kujua kama mlango umefungwa, ongeza maneno haya mwishoni, kwa Kiswahili: "lakini haikuwa hivyo." Kama maneno hayo yanaingia vizuri, unahitaji "had". Tungepata franga mwezi wa kumi, lakini haikuwa hivyo. Yanaingia. Kumbe "had".

Kosa la pili ni lile ninaloona mara mingi katika makaratasi mnayoniletea. Kiswahili kinaweka "-nge-" pande zote mbili: "tungekuwa na pompi, tungelima mboga." Kwa hiyo tunaweka "would" pande zote mbili: "If we would have a pump, we would grow vegetables." Kiingereza cha raporti kinakataa. "Would" inakaa upande mmoja tu, ule usiokuwa na "if":

"If we had a pump, we would grow vegetables."

Angalieni, hii "had" ni ya peke yake. Ni "kuwa na" tu, haifungi mlango. Ile inayofunga inafuatwa na kitenzi kingine: "had received", "had come".

Na "will" ni vile vile. Sisi tunasema "kama watakuja, tutawaonyesha shamba", halafu tunaandika "If they will come". Hapana. Ni "If they come, we will show them the field."

Ninyi mliosoma hapa kwa Kifaransa, mwalimu alikwisha kuwaambia kama "si" haipendi "-rais". Ni sheria ile ile, ichukueni hivyo hivyo. Lakini wale waliokulia Zambia na kusoma kwa Kiingereza, ile sheria ya Kifaransa hawakuisikia. Kwao nasema: weka kidole kwenye "if", kisha kitembeze mpaka kwenye koma. Kama kidole kimekutana na "will" ao "would", simama, angalia tena.

Nasema angalia tena, sikusema futa. Mama mmoja aliniuliza: "Mwalimu, na hii je? 'We do not know if they will come.' Niondoe 'will'?" Hapana, mama, iache. "Kama" yetu ina kazi mbili. Katika "kama watakuja, tutapika", inaweka sharti. Katika "hatujui kama watakuja", inauliza tu. Hiyo ya kuuliza unaweza kuitoa na kuweka "whether", na sentensi inasimama. Pale "whether" inaingia, "will" inabaki. Vile vile "If you would sign here": hapo tunamwomba mtu kwa adabu akubali kutia sahihi, si sharti la kawaida.

Sasa tupime moja pamoja. Kikundi cha mboga kiliandika:

"If the pump would not break in July, we would have sold the cabbages in August."

Swali la kwanza: pompi iliharibika? Iliharibika. "Isingeharibika, lakini haikuwa hivyo." Mlango umefungwa, tunahitaji "had". Kidole: toka "if" mpaka koma tunakutana na "would not break". Inatoka, inaingia "had not broken". Upande wa pili, "would have sold": hatukuuza, mwezi wa nane umepita. Inabaki.

"If the pump had not broken in July, we would have sold the cabbages in August."

Na kama unataka kusema hasara ya leo, si ya mwezi wa nane? Upande wa "if" haubadiliki, juu pompi iliharibika zamani. Upande wa pili unakuja kwa leo: "If the pump had not broken in July, we would have seed money today." Mlango ulifungwa mwezi wa saba, lakini baridi tunaisikia leo.

Juu ya mahindi, niliandika barua ya pili, na "had" mahali pake. Safari hii niliongeza sentensi moja fupi isiyokuwa na "if" hata kidogo: "The money arrived in January." Njo hiyo ninawaomba mfanye na ninyi. Jambo kubwa, liseme kwanza wazi, na tarehe yake. Kiisha lete "if" yako. Hapo hata kama kitenzi kimekuponyoka, msomaji atajua mlango gani ulifungwa, na siku gani.

Sasa leteni makaratasi yenu tuangalie.