Sentensi Moja, Watu Tisa
(Mada iliyotolewa kwa wasimamizi wa miradi, Choma, wilayani Igunga)



Ofisi moja niliyowahi kufanya kazi ilikuwa na watumishi tisa. Siku ya kusaini fomu za tathmini, wawili walilinganisha karatasi zao na kukuta maneno yaleyale: "Ni mchapakazi, anajituma, aongeze bidii." Mmoja alikuwa amepewa alama ya juu, mwingine ya kati. Tangu siku hiyo hakuna aliyeamini alama yake.

Mfumo wa OPRAS, ulioanza katika utumishi wa umma mwaka 2004 badala ya taarifa za siri, ulimpa mtumishi haki ya kusoma alichoandikiwa. Alama zilikuwa 1 hadi 5, na 1 ndiyo ya juu kabisa. Basi maneno ya kunakili hayana tena mahali pa kujificha.

Hata hivyo, kuwa na akiba ya sentensi si kosa. Kosa ni kuhifadhi sifa. Tuhifadhi mifupa ya sentensi, nyama itoke katika kumbukumbu za mtumishi mwenyewe. Kwa mfano:

Alama 2: "Alipanga ___, akafikisha ___, zaidi ya lengo, ziada hiyo iliwezesha ___."

Alama 3: "Alipanga ___, akatimiza ___ kwa wakati, kama inavyoonekana katika ___."

Alama 4: "Alipanga ___, akafikisha ___, upungufu ulitokana na ___, ifikapo tarehe ___ tutafanya ___."

Angalieni kwamba kinachotofautisha alama ni umbali kutoka kwenye lengo. Neno "sana" halina kazi hapa.

Sasa tuseme mabwana shamba wawili walipangiwa kutembelea vikundi 12 kila mmoja kwa robo mwaka, na kila mmoja akafikia 7. Wote ni alama 4. Wa kwanza ataandikiwa: "Upungufu ulitokana na pikipiki kukaa gereji wiki tano za masika, kama daftari la safari linavyoonyesha, ofisi itampatia usafiri mwingine." Wa pili: "Upungufu ulitokana na kutopanga ratiba na viongozi wa vikundi, vikundi vitatu alivikuta mashambani. Atawasilisha ratiba kila mwanzo wa mwezi." Mifupa ni ileile, lakini hakuna atakayesema amenakiliwa. Tena wa kwanza habebeshwi mzigo wa ofisi.

Kwa kila alama, mifupa mitatu au minne inatosha. Ikizidi, msimamizi huokota bila kusoma.

Kabla ya kusaini, funika jina kwa kidole. Kama maelezo yanamfaa mtumishi mwingine, rudi kwenye daftari. Na kama daftari halina kitu, hapo akiba ya sentensi haiwezi kukusaidia: hukumfuatilia mtu huyo mwaka mzima, na alama uliyompa haina msingi.