Mkataba Ukiisha, Funguo Zibaki Nyumbani

(Maelezo yaliyotolewa katika semina ya makatibu na watunza hazina wa kamati za parokia)



Tumeombwa tueleze yaliyotupata katika mradi wa hosteli, ili kamati nyingine zisipitie njia ileile. Wengi wenu siku hizi mna tovuti, ukurasa wa Facebook na anwani ya barua pepe ya mradi, na karibu vyote vilifunguliwa na kijana wa kujitegemea au kampuni ndogo ya matangazo. Leo tutazungumzia siku ile mnapoachana naye.

Hosteli yetu ina vyumba 24. Mwaka 2019 tuliingia mkataba na kijana mmoja, fundi mzuri na mwaminifu, atutengenezee tovuti, atufungulie anwani ya kupokelea wageni na kuuendesha ukurasa wa Facebook. Mkataba ukaisha tarehe 31 Machi 2023. Jioni ileile katibu wetu akamwondoa kwenye ukurasa wa Facebook, akabadilisha neno la siri la barua pepe, na sisi tukaandika kwenye muhtasari kwamba makabidhiano yamekamilika. Tukalala usingizi mnono.

Tarehe 23 Aprili tovuti haikufunguka, na barua zilizotumwa kwetu zikawa zinarudi kwa waliozituma. Kundi la wageni 18 lililotarajiwa wiki ya kwanza ya Mei lilitaka kuthibitisha malipo, likaona barua inarudi, likadhani hosteli imefungwa, likachukua vyumba mahali pengine. Hayo tuliyajua baadaye sana.

Chanzo chake kilikuwa kidogo tu. Jina la tovuti halinunuliwi moja kwa moja, bali hukodishwa kwa muda, kwa kawaida mwaka mmoja au zaidi, kupitia kampuni inayoitwa msajili. Mwaka 2019 tulimwambia kijana, "Fanya tu, utatuletea risiti." Akafanya. Akajiandikisha yeye kuwa mwenye jina, kwa barua pepe yake binafsi, katika akaunti yake mwenyewe kwa msajili. Kila mwaka ukumbusho wa kulipia ulimfikia yeye, akalipa, nasi tukamrudishia. Mwaka ule ukumbusho ulimfikia kama kawaida, lakini tulikuwa tumeshamfungia mlango usiku, bila neno. Aliona kazi hiyo si yake tena. Kwa haki, hatukuwa na la kumlaumu.

Hapa ndipo tulipoelewa jambo ambalo tungependa mlishike kuliko yote tutakayosema leo. Jina la tovuti ndilo ufunguo wa funguo. Anwani ya barua pepe ya mradi hukaa juu ya jina hilo. Facebook na huduma nyingine nyingi, ukisahau neno la siri, hutuma namba ya kukufungulia kwenye barua pepe hiyo. Kwa hiyo anayelishika jina anaweza kuifikia barua pepe, na anayeifikia barua pepe anaweza kufungua vilivyobaki. Sisi tulifunga madirisha, tukauacha mlango mkubwa mikononi mwa mtu mwingine. Tena katibu wetu alikuwa amebadilisha simu siku zilezile. Facebook ikataka kumtumia namba ya uthibitisho, ikaituma kwenye anwani ya hosteli, ambayo ilikuwa imekufa. Tukawa nje ya nyumba yetu wenyewe.

Tuliokolewa na mzee mmoja wa kamati aliyekwenda nyumbani kwa kijana, akapokea shikamoo yake, akaketi, akamwomba radhi kwa namna tulivyoachana. Kijana alilipia jina siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata alikaa na katibu wetu wakahamisha kila kitu.

Tangu hapo tunafuata utaratibu mmoja: kuondoa mtu ni hatua ya mwisho. Kwanza tunahakikisha kitu ni chetu, pili tunaweka watu wetu wawili ndani, tatu tunajaribu kama wanaweza kufanya kazi peke yao, na ndipo tunamtoa aliyemaliza mkataba. Tunaanza wiki mbili kabla ya mkataba kuisha, wakati bado anapokea simu na sehemu ya malipo yake bado iko kwetu. Sharti hilo la kubakiza sehemu ya malipo mpaka makabidhiano yakamilike huandikwa ndani ya mkataba tangu mwanzo. Ukilizua siku ya mwisho ni ugomvi.

Tuanze na jina la tovuti. Mtu mwenye kompyuta anaweza kuuliza limeandikishwa kwa nani kwa amri hii, akiweka jina lenu mahali pa mfano:

```
whois mfano.or.tz
```

Angalieni msajili ni nani, mwenye jina ni nani, na tarehe ya kuisha. Majina ya `.com` na `.org` mara nyingi huficha mwenyewe, na hapo itabidi mumwombe fundi awaonyeshe akaunti yake. Majina yanayoishia na `.tz` yako chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na huandikishwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Mwenye jina anapaswa kuwa taasisi yenu, si mtu binafsi, hata kama mtu huyo ni mwenyekiti. Barua pepe ya mawasiliano nayo isiwe ile inayotegemea jina hilohilo. Jina likizimika, barua ya kukuambia limezimika nayo haitafika. Sisi tumetumia anwani ya Gmail ya ofisi, inayofunguliwa na watu wawili tu.

Kuna mtego hapa. Kuhamisha jina na kuhamisha tovuti ni mambo mawili. Jina likishakuwa kwenu, bado linaweza kuelekeza kwenye seva iliyokodishwa na fundi, na siku atakapoacha kuilipia, tovuti itaondoka. Lakini msikimbilie kubadilisha mwelekeo. Ndani ya mipangilio ya jina kuna mistari iitwayo `MX`, inayosema barua zipelekwe wapi. Mkielekeza jina kwenye seva mpya kabla ya kunakili mistari hiyo, tovuti inaweza kufunguka vizuri huku barua zikiacha kufika, na kwa kuwa tovuti inaonekana salama, huenda asiwepo atakayegundua kwa siku kadhaa. Mwombeni fundi nakala ya mistari yote kabla ya kugusa chochote. Mkishahama, tumeni barua kutoka anwani ya nje mkaone kama inafika.

Mwaka 2025 tuliujaribu utaratibu huu kwa kampuni ya matangazo, ambayo mkataba wake ulikuwa unaisha tarehe 30 Juni. Safari hii jina lilikuwa letu, ila Facebook ilitushangaza. Katibu na mhasibu wote wawili walikuwa na `Full control` kwenye ukurasa, kwa hiyo tulidhani ni wetu. Tulipomwomba mtu wa kampuni afungue mipangilio yao ya biashara mbele yetu, penye ukurasa wetu palisomeka `Owned by`, na jina lililofuata lilikuwa la kampuni. Walikuwa wameuingiza ukurasa katika hazina yao ya biashara badala ya kuomba ruhusa ya kuufanyia kazi tu. Ukurasa mmoja humilikiwa na hazina moja tu kwa wakati mmoja, na asiyeimiliki hawezi kuwatoa wenye mali.

Tulifungua hazina yetu wenyewe. Tukahakikisha kwamba majina ya katibu na mhasibu yako moja kwa moja kwenye ukurasa wenyewe, si kupitia kwa kampuni, kwani waliopitia kwa kampuni hutoka pamoja nayo. Kisha kampuni ikautoa ukurasa kwao, nasi tukaudai kwetu siku hiyohiyo, tukiwa tumeketi meza moja. Picha na maandiko ya miaka yote yalibaki, maana hivyo ni vya ukurasa, si vya aliyeviweka.

Akaunti ya kulipia matangazo haikuhama. Iliyofunguliwa ndani ya hazina ya kampuni hubaki humo, na hatukupoteza muda kubishana. Tulipakua taarifa za matangazo yote, tukafungua akaunti yetu mpya, na kuwataka waondoe kadi ya benki ya hosteli kwenye akaunti yao wakati tunaangalia. Kadi ikisahaulika huko, tangazo lililoachwa likiendelea linaweza kuendelea kukata fedha.

Tunaomba pia kamati zilizofungua akaunti ya Facebook kama mtu, kwa jina la parokia au mradi, ili kila mjumbe aitumie kwa neno la siri moja, ziache. Facebook inataka akaunti binafsi iwe ya mtu halisi, na ya namna hiyo inaweza kufungwa wakati wowote. Ikiwa ndiyo pekee yenye mamlaka juu ya ukurasa, ukurasa unabaki yatima. Tumieni akaunti halisi za watu wawili mnaowaamini.

Kwenye tovuti yenyewe, wengi wenu mnatumia WordPress. Mnapofuta jina la fundi, swali litatokea lenye majibu mawili: `Delete all content` na `Attribute all content to`. La kwanza hufuta kila ukurasa na kila habari aliyoandika, na mara nyingi ndiye aliyeandika karibu zote. Chagueni la pili na mweke jina la mtu wenu. Kabla ya hapo chukueni nakala kamili ya tovuti, muiweke nje ya seva.

Na barua pepe. Kubadilisha neno la siri hakutoshi, kwani agizo la kupeleka nakala kwa mtu mwingine huendelea kufanya kazi baada ya hapo. Kwenye Gmail liko chini ya `Forwarding and POP/IMAP`, na lingine linaweza kujificha katika `Filters and Blocked Addresses`. Katika anwani ya hosteli tulilikuta moja, liliwekwa 2019 ili kijana asaidie kujibu wageni tulipokuwa hatujazoea. Miezi mitatu baada ya "makabidhiano" yetu, majina na namba za simu za wageni zilikuwa bado zinamfikia. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia, kwa sababu zilimjazia sanduku lake.

Mhasibu wetu amekuja na daftari la hosteli, lenye tarehe ya kuisha kwa jina, msajili, na majina ya watu wawili kwa kila kitu. Maneno ya siri hayamo. Hayo yako kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu. Litapita mikononi mwenu wakati wa chai, na anayetaka kunakili mpangilio wake anakaribishwa.