Kwanza Kazi, Kisha Lugha: Kuchagua Lugha ya Kwanza ya Programu



Anayetaka kujifunza kuandika programu huanza kwa kuuliza lugha ipi inaongoza. Orodha za kumjibu hazikosekani. Mojawapo ni TIOBE, inayotolewa kila mwezi, nayo hutegemea wingi wa matokeo ambayo jina la lugha huleta katika mitambo ya utafutaji wa mtandaoni. Kwa hiyo inapima lugha inayotajwa sana, na haijui lolote kuhusu kazi iliyo mezani kwako wala kompyuta uliyonayo. Kelele za soko zimeacha alama hata kwenye majina. Mwaka 1995 kampuni ya Netscape ilikuwa na lugha iliyoitwa LiveScript, ikaigeuza jina kuwa JavaScript kwa sababu Java ndiyo iliyokuwa gumzo wakati huo. Hizi ni lugha mbili tofauti, lakini mpaka leo wapo wanaojisajili kusoma Java wakitarajia kurasa za tovuti zenye vitufe vinavyobonyezeka.

Mimi huanza na swali jingine: programu hiyo itaendeshwa wapi, na nani ataifungua? Mara nyingi mahali ndipo panapochagua lugha. Ukitaka ukurasa wa tovuti uitikie mbofyo ndani ya kivinjari, utaandika JavaScript, baada ya kuzoea HTML na CSS zinazojenga na kupamba ukurasa. Programu ya simu za Android leo huandikwa zaidi kwa Kotlin, ambayo Google iliikubali rasmi mwaka 2017. Ya iPhone huandikwa kwa Swift, na hapo kuna kizingiti ambacho matangazo ya kozi huwa hayakitaji: Xcode, chombo cha kuiundia, hufanya kazi kwenye kompyuta za Mac tu.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa anasema anataka kujifunza "kutengeneza apu". Ana laptopu yenye RAM ya gigabaiti 4. Michango ya wanachama anaiandika kwenye Excel, na kila mwisho wa mwezi anakesha akijumlisha cha kila mmoja. Nani ataifungua hiyo apu? Yeye mwenyewe. Wapi? Kwenye laptopu hiyo hiyo. Mara ngapi? Mara moja kwa mwezi. Mtu huyu hahitaji apu hata kidogo. Kazi yake ni ya data, na lugha inayomfaa ni Python. Angekimbilia Kotlin, angelazimika kuweka Android Studio, ambayo Google yenyewe inataka RAM isiyopungua gigabaiti 8. Mwezi wake wa kwanza ungeishia kungoja kompyuta ipate pumzi.

Kwa Python, anahifadhi jedwali lake kama faili la CSV, kisha anaandika hivi:

```python
import csv

jumla = {}
with open("michango.csv", encoding="utf-8-sig", newline="") as faili:
    for mstari in csv.DictReader(faili):
        namba = mstari["namba"].strip()
        kiasi = int(mstari["kiasi"].replace(",", ""))
        jumla[namba] = jumla.get(namba, 0) + kiasi

for namba, fedha in jumla.items():
    print(namba, fedha)
```

Programu inasoma mstari mmoja baada ya mwingine, inachukua namba ya mwanachama, na kuongeza kiasi chake kwenye jumla aliyokwisha kufikia. Mantiki ni hiyo tu. Ugumu umejificha kwenye data, na hapo ndipo anayeanza hujifunza kazi hii ni ya namna gani. Asipoweka ile `replace`, siku atakayokutana na kiasi kilichoandikwa 50,000 programu itakatika na kusema:

```
ValueError: invalid literal for int() with base 10: '50,000'
```

Python haitambui mkato kama sehemu ya namba, hivyo lazima uondolewe kwanza. Kosa la aina hii ni jema, kwa kuwa linapiga kelele. La hatari ni lile la kimya. Tuseme katibu anajumlisha kwa majina badala ya namba. Mwanachama mmoja ameandikwa kwa herufi kubwa zote mwezi huu na kwa herufi ndogo mwezi ujao, na programu inamhesabu kuwa watu wawili bila kulalamika. Anasoma mahali fulani kwamba `title()` hunyoosha majina, anaitumia, na Ng'wandu anatoka `Ng'Wandu`, kwa sababu Python huona herufi inayofuata alama ya king'ong'o kuwa mwanzo wa neno jipya. Ndiyo maana nimetumia namba za uanachama. Namna ya kugundua kosa la kimya ni rahisi: hesabu mistari iliyotoka uilinganishe na idadi ya wanachama, kisha linganisha jumla kuu na fedha zilizoko benki.

Baada ya miezi kadhaa wanachama wanaanza kudai waone salio lao wenyewe. Swali la mahali linarudi, na safari hii jibu liko mikononi mwa wanachama. Wana simu gani? Kama wengi wanatumia kitochi, apu ya Android itawaacha nje, hata ikiandikwa kwa ustadi gani. Kinachowafaa ni menyu ya USSD, ile ya kubonyeza nyota na reli ambayo wameizoea kwenye huduma za fedha. USSD haiweki kitu chochote ndani ya simu. Mtandao wa simu hupeleka alichobonyeza mtu kwenye seva yako, na seva hurudisha maandishi mafupi, yasiyozidi herufi 182 kwa skrini moja. Kwa mtoa huduma kama Africa's Talking, jibu linaloanza na `CON` huendeleza mazungumzo, na linaloanza na `END` huyafunga. Maandishi hayo unaweza kuyatunga kwa Python ile ile. Gharama na taratibu za kupata namba ya USSD ni mzigo wa kweli, na kikundi kidogo huenda kikaona heri ujumbe mfupi wa mwisho wa mwezi. Lakini mzigo huo hauondolewi kwa kubadili lugha.

Kotlin ingeingia lini? Pale ambapo wanachama wengi wana simu janja, na kazi inahitaji kitu cha simu yenyewe, tuseme kupiga picha risiti mahali pasipo na mtandao na kuituma baadaye. Hata hapo, kama kinachotakiwa ni kusoma salio tu, ukurasa mwepesi wa tovuti unatosha, nao haupitii Google Play, ambako msanidi hulipa ada ya dola 25 mara moja.

Naulizwa mara nyingi kama aliyeanza na lugha isiyo yake amepoteza muda. Vigeu, masharti, mizunguko na funksheni utavikuta karibu kila lugha, kwa hiyo sehemu hiyo unahama nayo. Usichohama nacho ni vyombo: Android Studio, maktaba za kuchambulia data kama pandas, mazoea ya kivinjari. Dalili ya kuwa umechagua vibaya ni kwamba wiki zinapita na hujaigusa data yako mwenyewe wala ukurasa wako mwenyewe, unafanya tu mazoezi ya kitabuni na kusakinisha vitu.

Katika zoezi la mchana, kila mshiriki aandike kwenye karatasi kazi moja anayotaka ifanyike, nani ataifungua, kwenye kifaa gani, na data itatoka wapi. Jina la lugha lisiandikwe bado. Mwenye faili halisi la Excel au CSV aje nalo, hata kama limevurugika, ila aondoe kwanza majina na namba za simu za watu.