Alamu Iite Chakula Kwanza, Tembe Zifuate
Maelezo kwa wakazi wa Mwingi wanaotumia dawa za kisukari na presha



Karatasi ya dawa huandikwa kwa ufupi: 1x1, 1x2, 1x3. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya tembe za kumeza kwa mara moja, na ya pili ni mara ngapi kwa siku. Kwa hivyo 1x2 ni tembe moja asubuhi na moja jioni, wala si tembe mbili kwa pamoja. Hilo wengi wanalijua. Kinachosumbua ni kile ambacho karatasi haikusema: saa ngapi, na chakula kikiwa wapi.

Chukulieni mfano wa mwaitu wa miaka 66, anayeishi nje kidogo ya mji wa Mwingi. Ana kisukari na presha. Amepewa tembe za aina nne za mwezi mmoja: glibenklamidi ya miligramu 5, 1x1 asubuhi, metformini ya miligramu 500, 1x2, amlodipini ya miligramu 5, 1x1 asubuhi, na atorvastatini ya kupunguza mafuta kwenye damu, 1x1 usiku. Mjukuu wake anamtegea alamu kwenye simu ya kabambe ilie saa kumi na mbili asubuhi. Mwaitu ni mtiifu. Alamu ikilia, anameza tembe zote za asubuhi kwa chai ya rangi, anachukua mitungi na kumfuata punda kwenda kuteka maji. Anarudi, anafungulia mbuzi, na anakula saa nne.

Siku ya tano, njiani kutoka kisimani, mikono inaanza kutetemeka. Jasho linamtoka na bado hakuna joto, kichwa kinamzunguka, na anamwita jirani kwa jina la mtu mwingine. Wenzake wanasema dawa zimemshinda nguvu. Kwa namna fulani ni kweli. Glibenklamidi huilazimisha kongosho kutoa insulini, na insulini hiyo hushusha sukari iwe kuna chakula tumboni au hakuna. Tembe imemezwa saa kumi na mbili, chakula kinakuja saa nne. Kwa saa nne nzima sukari imekuwa ikishuka bila kitu cha kuipandisha. Hakukosea saa hata dakika moja, na ratiba iliyomwangusha ni ile aliyoifuata barabara.

Anapoonyesha dalili hizo akiwa bado anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vidogo vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda isiyo ya daiti. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, apewe tena, kisha ale chakula kamili. Akiwa amezimia, asitiliwe kitu chochote mdomoni, akimbizwe hospitalini. Na hata akizinduka vizuri, aonwe na mhudumu siku hiyo hiyo, kwa sababu glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena mchana au usiku.

Ratiba mpya inaanza na swali ambalo afisa wa kliniki angemuuliza: "Mwaitu, wewe unakula saa ngapi hasa?" Jibu ni saa nne asubuhi na saa mbili usiku. Basi kuna njia mbili. Ama uji uletwe mapema kabla ya safari ya maji, ama tembe zisubiri hadi saa nne. Mwaitu anachagua uji, kwa kuwa mjukuu yuko nyumbani alfajiri na anaweza kuinjika sufuria.

Sasa alamu ya kwanza, saa kumi na mbili na robo, ni ya sufuria. Ikilia, uji unawekwa motoni na hakuna anayegusa dawa. Uji ukiwa tayari kwenye kikombe mbele yake, ndipo anameza glibenklamidi na kuanza kunywa. Metformini inafuata katikati ya uji au mara tu baada yake, kwa sababu ikimezwa tumbo tupu huleta kichefuchefu na kuharisha, na wengi huiacha kwa sababu hiyo. Amlodipini haina shida na chakula. Inamezwa hapo ili isisahaulike. Alamu ya pili ni ya chakula cha usiku, muthokoi au ugali na ndengu, kwa metformini ya pili na atorvastatini. Alamu mbili zinatosha tembe zote tano za siku.

Hapa kuna mtego wa saa. Simu inahesabu kwa Kizungu. Saa mbili usiku kwenye simu ni 8:00 PM, au 20:00. Mtoto anayeambiwa "weka saa mbili usiku" anaweza kuandika 2:00 AM, na simu ikalia saa nane za usiku watu wamelala. Njia rahisi ni kusubiri saa yenyewe ya chakula ifike, kutazama simu inaonyesha nini, na kuandika hivyo hivyo, pamoja na AM au PM.

Alamu isizimwe mtu akiwa bado kitandani. Izimwe tembe zikiwa zimeshamezwa. Na kila akimeza, atie alama kwenye kalenda ya ukutani. Asipokumbuka kama amemeza, kalenda ndiyo shahidi. Bila alama na bila uhakika, aiache hadi zamu inayofuata, wala asimeze mbili kufidia.

Baada ya siku 20 tembe zihesabiwe. Tuseme alianza na metformini 60 na nyingine 30 kila aina. Zinapaswa kubaki metformini 20, na 10 kwa kila aina nyingine. Mwaitu anakuta amlodipini 10, glibenklamidi 10, lakini metformini 31 na atorvastatini 21. Asubuhi hakukosa hata siku moja; zimekosekana jioni 11. Kisa kinajulikana mara moja: jioni simu huwa dukani ikichajiwa. Dawa ni kuichaji mchana, au alamu ya usiku iwekwe kwenye simu ya mjukuu.

Liko jambo ambalo simu haiwezi kulitatua, nalo ni sufuria tupu. Mvua ikikosekana, kuna nyumba zinazokula mara moja kwa siku, na kuna wanaofunga kwa ajili ya maombi. Siku ambayo hakuna chakula cha asubuhi, glibenklamidi isimezwe hadi chakula kipatikane, na metformini pia ingoje chakula. Amlodipini inamezwa kama kawaida, kwa maji tu. Wengi huiacha pamoja na zile nyingine na presha inapanda. Hali hiyo ikirudiwa, mgonjwa aende kliniki aseme wazi kwamba chakula hakipo, au anakusudia kufunga, kabla hajaanza. Zipo dawa za kisukari zisizoshusha sukari kwa ghafla namna hiyo, na mhudumu anaweza kumbadilishia, lakini hawezi kufanya hivyo akiambiwa tu kwamba dawa zinamezwa vizuri. Aende na bahasha zote na hiyo kalenda.