Maji kwenye kiwanja kisicho na hati: tuliyosema kikaoni

Wengi wetu hapa Dar es Salaam tumejenga viwanja visivyopimwa. Kukosa hati miliki kusikuzuie kuomba maji. Chukua hati ya mauziano yenye saini za mashahidi, kitambulisho chako na picha, upite ofisi ya serikali ya mtaa upate barua yenye muhuri. Ndipo uende DAWASA kujaza fomu.

Mwenye nyumba akiishi mbali, mpangaji asijiandikishe kama mmiliki. Mwenzetu mmoja alifanya hivyo. Alipohama, mita ilibaki kwa jina lake, aliyeingia hakulipa, na deni likamfuata yeye. Alipaswa kumwomba mwenye nyumba barua ya idhini iliyosainiwa, pamoja na nakala ya kitambulisho na ya hati ya mauziano, kisha akaunti ifunguliwe kwa jina la mwenye nyumba. Ukihama, msome mita pamoja na kuandikiana.

Tukumbuke pia: bili ya maji haithibitishi umiliki wa ardhi. Hati ya mauziano itunzeni.